Fulana, Sweta na Chandarua: Mashine Tatu na Vitanzi Vyake

Tazama kwa makini fulana ya kola inayovaliwa shuleni au kazini. Kiwiliwili chake ni kitambaa laini na chepesi. Kola yake ni nene kidogo, na ukingo wake umetoka mashineni ukiwa umekamilika, bila kukunjwa wala kupigwa pindo. Vipande hivyo viwili mara nyingi hutoka kwenye mashine tofauti, ingawa vyote vimefumwa kwa vitanzi.

Kanga hutengenezwa kwa nyuzi za mtande na mshindo zinazokatana. Nguo ya vitanzi haina mkatano huo. Sindano yenye ndoano huukamata uzi, huupitisha ndani ya kitanzi cha zamani, na kitanzi kipya huzaliwa. Kitanzi kinaweza kupanuka kikivutwa na kurudi kikiachiwa, ndiyo maana fulana hunyumbuka hata kama pamba yake haikuchanganywa na mpira. Mashine zinatofautiana katika njia ambayo uzi hupita kutoka sindano moja hadi nyingine, na njia hiyo ndiyo huipa nguo tabia yake.

Kwenye mashine ya duara, sindano zimesimama kuzunguka silinda. Mashine ya kawaida ya kitambaa cha fulana ina silinda yenye kipenyo cha inchi 30 na sindano 24 kwa kila inchi ya mzingo, yaani zaidi ya sindano 2,200. Nyuzi 90 zinaweza kuingia kwa wakati mmoja, na kila uzi hufuma mstari wake silinda inapozunguka. Mzunguko mmoja basi huongeza mistari 90. Silinda ikizunguka mara 25 kwa dakika, na kitambaa kikiwa na mistari 20 kwa sentimita, hutoka zaidi ya mita moja ya kitambaa kila dakika. Hakuna njia rahisi zaidi ya kupata kitambaa kingi cha fulana, nguo za ndani na nguo za watoto.

Kinachotoka ni mfuko mrefu usio na mshono, ambao hupasuliwa na kukatwa kwa vipande. Upande wa mbele wa kitambaa cha fulana unaonyesha vitanzi vyenye umbo la herufi V, na nyuma kuna vijinundu kama nusu duara. Kwa kuwa pande hizo mbili hazifanani, kitambaa hakitulii. Kikikatwa, kingo za pembeni hujikunja kuelekea nyuma, na za juu na chini hujikunja kuelekea mbele. Kuna mashine za duara zenye seti mbili za sindano, ambazo hufuma kitambaa chenye sura moja pande zote. Hicho ni kizito zaidi na hakijikunji, ila hula uzi mwingi.

Kasoro maarufu ya kitambaa cha duara huonekana baada ya kufua, pale mshono wa ubavuni unapohama na kuja mbele karibu na pindo. Sababu ni mbili. Kwanza, mistari hupanda kama ngazi ya mzunguko: nyuzi 90 zikifuma mistari 20 kwa sentimita, mstari mmoja hupanda sentimita 4.5 kila unapomaliza mzunguko. Kitambaa kikifunguliwa na kuwa na upana wa sentimita 180, huo ni mteremko mdogo. Sababu ya pili huwa kubwa zaidi: uzi mmoja wa pamba uliosokotwa upande mmoja hutaka kujifungua, na unapolowa maji huvuta vitanzi vyote vilale upande. Kiwanda makini hutumia uzi wenye msokoto mdogo, huunganisha nyuzi mbili zilizosokotwa kinyume, au hukisinyaza kitambaa kabla ya kukikata. Ukitaka kuagiza fulana nyingi, fua moja mara kadhaa kisha uiweke mezani uone mshono umesimama wapi.

Mashine bapa ina sindano zilizopangwa kwenye vitanda viwili vilivyoegemeana kama paa la nyumba, na kigari kinachokwenda kushoto na kulia juu yake. Hufuma polepole, lakini ina uwezo ambao silinda haina: kila kigari kinaporudi, fundi au kompyuta inaweza kuongeza au kupunguza sindano zinazofanya kazi. Kipande hupata umbo la bega, kwapa au mkono hapo hapo mashineni, na ukingo wake huwa mzima. Sindano za kitanda kimoja zikipokezana na za kitanda cha pili, hutoka mistari ya wima yenye mwinuko na bonde, inayonyumbuka sana kwa upana na haijikunji. Ndiyo hiyo inayobana pindo la sweta na viganja vya mikono. Kola ya fulana ile hutoka hapa pia, kwa sababu inahitaji ukingo uliokamilika.

Tofauti hiyo wanaijua vizuri wanaonunua sweta za mitumba ili wazifumue uzi wake. Wakiufungua mshono wa sweta ya mashine bapa iliyofumwa kwa umbo, uzi hutoka mrefu bila kukatika, mstari baada ya mstari. Sweta iliyokatwa kutoka kitambaa kikubwa kisha ikashonwa hutoa vipande vifupi visivyofaa kitu, kwa kuwa mkasi ulikata kila mstari.

Mashine ya tatu ni ya mtande. Kila sindano hupewa uzi wake kutoka kwenye roli kubwa lenye mamia ya nyuzi, na sindano zote huinuka na kushuka kwa pamoja. Vielekezi vya uzi hupinda kidogo kushoto na kulia, hivyo uzi hufuma kitanzi hapa na kingine kwa jirani, ukipanda kwa zigizaga. Geuza kitambaa hicho na utaona zigizaga hizo nyuma. Uzi haupiti mstari mzima, kwa hiyo ukichomoa mmoja nguo haifumuki, na tundu haliendi likipanda kama kwenye soksi.

Ndiyo maana chandarua hufumwa hivi. Vyandarua vingi vya poliesta vina matundu 156 kwa inchi ya mraba, na matundu hayo lazima yabaki saizi ile ile hata nyavu ikivutwa chini ya godoro kila usiku. Kitambaa cha fulana chenye matundu kingenyumbuka na kuyapanua. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa ushirikiano na kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani, kwa nyuzi za poliethilini zenye dawa ya permethrini ndani yake. Lesi na vitambaa vya nguo za kuogelea navyo hutoka kwenye mashine za mtande.

Gharama yake iko katika maandalizi: maelfu ya nyuzi lazima yapangwe kwenye roli na kupitishwa kila mmoja mahali pake kabla ya mita ya kwanza kutoka. Zaidi ya hapo, mashine huvuta uzi kwa kasi kubwa, hivyo hupendelea nyuzi ndefu laini za viwandani kuliko pamba yenye vijinyuzi vifupi. Uzi mmoja ukikatika bila kuonekana, chandarua huwa na mstari wa wima wenye pengo. Kinyanyue kwenye mwanga kabla ya kulipa, na ukatae kile chenye pengo hilo, maana mbu huhitaji njia moja tu.