Mwizi Mwenye Njaa Afungwe ama Aachiliwe?

Hebu sikiza wanafunzi wawili wa sheria niliowapata kwa kibanda, chapo mkononi, wakibishana.

“Genoa, Italia, 2011,” dada akaanza. “Jamaa hana makao. Dukani analipia mkate, lakini jibini na soseji za euro nne hivi anaficha mfukoni. Akahukumiwa miezi sita jela. 2016, mahakama ya juu ikasema si hatia: alichukua chakula kidogo kwa njaa iliyokuwa imembana wakati huo.”

“Sasa kila mwizi atasema ana njaa! Jaji Denning wa Uingereza alikataa hiyo stori 1971. Ukifungua huo mlango, wataingia wote.”

“Ndiyo maana kuna masharti, buda. Hatari iwe ya sasa hivi, usiwe na njia nyingine, na uchukue ya kukutosha tu. Angeiba simu akauze, huo utetezi haungesimama.”

“Na mama mboga aliyeibiwa? Yeye pia ana watoto.”

Hapo dada akatafuna polepole. “Alipwe. Kuepuka jela si kufutiwa deni.”

“Alipwe na mtu ambaye hajala siku mbili?”

Wewe ungemjibu aje?