Petroli ya Kuazima Baharini

Mashine ndogo ya boti ya mipigo miwili, ile ya farasi 15 ambayo mvuvi huibeba begani jioni akitoka pwani, haina bakuli la oili chini kama injini ya gari. Chini ya pistoni ndimo petroli na hewa hupita kwanza, kabla ya kupanda kwenye silinda na kuungua. Oili ikiwekwa humo ingezolewa yote mara moja. Ndiyo maana huchanganywa na petroli yenyewe: ikipita hupaka beringi za krenki na ukuta wa silinda, kisha huungua na kutoka kama moshi. Petroli ikiingia peke yake, mashine hiyo inazunguka vyuma vikavu.

Mashine nyingi za aina hii hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 20 kwa kila lita. Lita 20 zinataka mililita 400. Lita 25 zinataka nusu lita kamili. Ikiwa mpya, kitabu chake kwa kawaida huagiza oili maradufu kwa saa 10 za mwanzo. Hesabu lita kwa mita ya kituo cha mafuta, usihesabu kwa dumu, maana dumu la lita 20 likijazwa hadi shingoni humeza zaidi. Changanya nchi kavu: tia petroli nusu, mimina oili yote, tikisa, halafu malizia petroli.

Sasa tuseme nahodha amebakiwa na lita 5 za mchanganyiko mzuri, na nyumbani bado mbali. Mwenzake anampa lita 10. Mwenzake huyo anatumia mashine ya mipigo minne, ambayo oili yake hukaa ndani ya injini, kwa hiyo petroli anayotoa ni tupu. Madumu yanafanana, mawimbi yanarusha, nahodha anamimina na kuondoka. Zile lita 5 zilikuwa na mililita 100 za oili, na sasa hizo hizo zimetawanyika ndani ya lita 15. Ni moja kwa 150, theluthi tu ya inayotakiwa.

Mashine itawaka na kukimbia vizuri, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Kisha, ikiwa kwenye mwendo mkubwa, mlio unaanza kulegea wenyewe bila mtu kupunguza moto. Pistoni imetanuka kwa joto na inakwangua silinda. Ukipuuza mlio huo, inakamata kabisa, na ukivuta kamba haizunguki. Nahodha angeokoka kwa mililita 200 za oili kwenye zile lita 10. Chupa ndogo ya akiba ikae botini siku zote.

Wengine, kwa woga, huzidisha oili mno, na hilo nalo lina gharama. Moshi huwa mzito, plagi hutoka nyeusi na mbichi, masizi hugandisha ringi. Tena oili inayozidi huchukua nafasi ya petroli katika tundu dogo la kabureta, hivyo silinda inapata petroli pungufu na joto linapanda. Oili yenyewe iwe ya boti, yenye alama TC-W3 kwenye chupa. Oili ya injini ya gari ina viungo vya madini ambavyo havikutengenezwa viungue, vikaacha majivu juu ya pistoni na kwenye plagi.

Kuna mashine zinazojichanganyia zenyewe. Hizo zina tangi dogo la oili pembeni na pampu inayozungushwa na injini. Ukienda taratibu hutoa oili kidogo, ukiongeza moto huongeza. Petroli unaweka tupu. Ni raha kubwa, nami nazipenda, lakini sasa umeweka uhai wa injini mikononi mwa pampu moja na mipira yake. Mpira ukipasuka au hewa ikiingia njiani, oili inakatika ilhali tangi limejaa, na kengele ya mashine nyingi hupima kiasi kilichomo tangini tu.

Kwa hiyo chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye tangi la oili, mahali oili ilipofikia. Ukirudi, linganisha. Ukiunguza lita 20 za petroli na oili haijashuka chini ya mstari hata kidogo, pampu haifanyi kazi. Baada ya matengenezo, fundi mwangalifu huweka mchanganyiko wa 50 kwa 1 kwenye tangi la petroli pia, mpaka aone oili imeshuka, ndipo arudi kwenye petroli tupu.

Na pampu ikifa baharini, ile chupa ya akiba inafaa tena: mililita 20 kwa kila lita iliyobaki, tikisa tangi vizuri, pampu mpira wa mkono, urudi pwani polepole.