Emoji Moja, Mistari Minne

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda, maji yakaingia kwenye nyumba za Kinindo na Kibenga, kusini mwa Bujumbura. Siku kama hizo habari za mtaa hupitia WhatsApp, na msomaji huwa amesimama kwenye foleni ya basi, simu mkono mmoja. Tuseme shefu wa mtaa anaandika hivi:

Ndugu wapendwa 🙏🙏 nawajulisha kuwa maji 🌊🌊 yamefika barabara ya pili 😱 hivyo wenye watoto na wagonjwa wahame leo kabla ya saa 12 jioni waende shuleni 🏃🏃 poleni sana 😭

Simu iliyofungwa huonyesha maneno ya mwanzo tu. Hapa yatakuwa salamu, na agizo la kuhama litabaki limefichika. Ile 😭 ya mwisho, kwenye kioo kidogo, hufanana na 😂, na mtu aliyepoteza godoro ataona anachekwa. Asiyeona, ambaye simu humsomea kwa sauti, atasikia jina la kila emoji, wakati mwingine mara mbili pale ilipowekwa mara mbili.

Sasa tuuandike upya ujumbe huo:

⚠️ Maji yamefika barabara ya pili.

Wenye watoto na wagonjwa: hameni leo kabla ya saa 12 jioni.

Mahali: shule ya msingi.
Msaada: mpigieni shefu.

Emoji imebaki moja, na kazi yake ni kuvuta jicho kwenye habari yenyewe. Kila mstari una jambo moja, na nafasi tupu inatenga habari na agizo. Lakini usikate sentensi katikati ili ipendeze kwenye simu yako: upana wa vioo hutofautiana, na kwa mwenzako vitabaki vipande vya neno mojamoja.

Ukituma kwa SMS, hata hiyo moja iondoe. SMS ya kawaida hubeba herufi 160. Ukitia emoji moja, nafasi hushuka hadi 70, na ujumbe ukigawanywa kila kipande hubeba 67. Tangazo la herufi 150 litahesabiwa kuwa SMS tatu badala ya moja, kwa kila anayetumiwa. Hata alama iliyopinda ya “ng’ombe”, ikinakiliwa kutoka kwenye kompyuta, huleta hasara hiyohiyo, hivyo tumia iliyonyooka.

Tangazo la msiba lina kanuni yake. Jina la marehemu, mahali pa matanga na saa ya mazishi vipewe mistari yake, ili anayetafuta saa aione mara moja. Rambirambi zenyewe ziandikwe kwa sentensi kamili, bila uso unaolia. Uso huo hubonyezwa kwa kidole kimoja, na wafiwa wanalijua hilo.

Kabla ya kutuma, futa emoji zote usome tena. Ambayo kutokuwepo kwake hakujapunguza kitu, usiirudishe.