Deni la kodi linavyojificha katika jumla ya mwezi

MWENYE nyumba anaweza kupokea kodi kamili ya mwezi na bado akawa anadai.

Chukua mfano wa vyumba vinane Kibarani, kaunti ya Kilifi, kila kimoja Sh3,500. Mpangaji wa chumba cha tatu alibakisha Sh1,500 za Januari. Februari wote wanane wanalipa Sh3,500, jumla Sh28,000. Daftari lenye safu ya malipo pekee litaonyesha hakuna deni.

Dawa ni kuanza ukurasa kwa malimbikizo: Sh1,500, ongeza kodi Sh28,000, toa malipo Sh28,000, salio Sh1,500. Salio hilo sharti lilingane na jumla ya madeni ya kila chumba. Lisipolingana, kuna malipo yaliyoandikwa pasipostahili.

Stakabadhi nayo ieleze: Sh1,500 za Januari, Sh2,000 za Februari, salio Sh1,500. Ikiandikwa "Februari" tu, mpangaji atadai amemaliza, naye atakuwa na ushahidi mkononi.

Jumla hiyo pia ndiyo msingi wa ushuru. Kodi ya makao ikizidi Sh288,000 kwa mwaka, KRA hutoza asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Hapa ni Sh2,100, zinazolipwa kufikia Machi 20.