Kitenzi Kizito Kuliko Ushahidi

Vichwa vya habari za sayansi magazetini kwetu vina kitenzi wanachokipenda: kubaini. Utafiti wabaini hiki, wataalamu wabaini kile. Ni kifupi, kinaenea vizuri kwenye safu, na kinampa msomaji hisia kwamba jambo lilikuwa limefichika, sasa limeonekana, basi. Shida ni kwamba tafiti nyingi hazibaini chochote kwa maana hiyo. Nyingine zinadokeza tu, nyingine zinaashiria, chache zinathibitisha. Mhariri anayezipa zote kitenzi kimoja anamnyima msomaji habari aliyoihitaji zaidi: aamini kwa kiasi gani.

Sijui mfano ulio bora kuliko wa tohara ya wanaume na Virusi vya Ukimwi, kwa kuwa swali hilohilo lilipanda ngazi moja baada ya nyingine kwa karibu miaka 20, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika Kenya na Uganda.

Mwaka 1989 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa Nairobi. Watafiti waliwafuatilia wanaume waliofika kliniki wakiwa na magonjwa ya zinaa waliyoyapata kwa wanawake wanaouza ngono, na ambao bado hawakuwa na virusi. Baada ya muda baadhi yao waliambukizwa, na hatari ya wasiotahiriwa ilikuwa kubwa mara 8 hivi kuliko ya waliotahiriwa. Mara 8 si tofauti ndogo, na mwandishi mwenye haraka angeandika kwamba tohara inazuia Ukimwi. Lakini fikiria ni nani hutahiriwa. Nchini Uganda wakati huo waliotahiriwa wengi walikuwa Waislamu, na huenda Mwislamu akatofautiana na jirani yake katika unywaji wa pombe, katika usafi wa mwili na katika mambo ya ndoa. Kenya, jambo hilo hufuata kabila. Kwa hiyo unapowalinganisha waliotahiriwa na wasiotahiriwa, unalinganisha pia dini, mila na mienendo, na huwezi kujua ni kipi kati ya hivyo kilichofanya kazi.

Ushahidi wa namna hiyo unastahili «unadokeza». Tafiti nyingine za aina hiyo zilipofuata, nyingi zikielekea upande uleule, mtu angeweza kupanda hadi «zinaashiria». Hapo ndipo pa kusimama, kwa sababu kasoro ile haiondoki kwa kurudiwa: tafiti 30 zenye kasoro moja zinaweza kukosea kwa pamoja. Mwaka 2003 wapitiaji wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kupima tafiti kwa pamoja, walihitimisha kwamba ushahidi uliokuwapo haukutosha kuitetea tohara kama njia ya kuzuia maambukizi. Naona walifanya haki. Hawakusema tohara haifai. Walisema haijathibitishwa, na hayo ni maneno mawili tofauti.

Kilichobadilisha kitenzi ni kubadilika kwa namna ya kuuliza. Mjini Kisumu watafiti waliwachukua vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, wote hawajatahiriwa na hawana virusi, wote wakiwa tayari kutahiriwa. Kisha bahati nasibu ikaamua nani atahiriwe sasa na nani asubiri. Bahati nasibu haijui dini ya mtu wala anakunywa nini jioni, hivyo mienendo yote hiyo ikagawanyika karibu sawa kwa makundi yote mawili. Kilichobaki kuwatofautisha kilikuwa tohara yenyewe. Katika miaka miwili waliambukizwa vijana 22 kwa waliotahiriwa na 47 kwa waliosubiri. Wilayani Rakai, Uganda, jaribio la wanaume karibu 5,000 lilitoa 22 kwa 45. Majaribio yote mawili yalisimamishwa mapema, Desemba 2006, kwa kuwa haikuwa haki tena kuwasubirisha waliobaki. Jaribio la kwanza la aina hiyo, la Orange Farm nchini Afrika Kusini, lilikuwa limekwisha kutoa jibu hilohilo mwaka 2005.

Majaribio matatu katika nchi tatu, jibu moja, na njia zile nyingine za kulieleza zimeondolewa mezani. Sasa «yamethibitisha» ni kitenzi cha haki. Mwandishi aliyeendelea kuandika «watafiti wanadai» baada ya hapo alikuwa anakosea vilevile, maana kudai humtia mtu shaka bila kutoa sababu. Kupunguza uzito wa ushahidi si unyenyekevu; ni kupotosha kwa upande wa pili.

Lakini yamethibitisha nini? Hapa ndipo waandishi wengi hujikwaa, maana wanakilinda kitenzi cha kwanza na kukisahau cha pili. «Yamethibitisha kuwa tohara huzuia Ukimwi» si kweli, na hao 22 wa Kisumu walioambukizwa baada ya kutahiriwa ni mashahidi. Ilichofanya tohara ni kupunguza uwezekano, kwa nusu hadi zaidi kidogo, wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Ukiondoa «kupunguza» ukaweka «kuzuia» au «kukinga», kijana anayesoma anaweza kuitupa kondomu yake.

Hata kiambishi kina uzito wake. «Ilipunguza» inazungumzia vijana wa Kisumu katika miaka ile. «Hupunguza» inazungumzia wanaume kwa jumla, popote walipo. Jaribio moja linakupa haki ya li. Kufika kwenye hu unahitaji matokeo kurudiwa kwa watu wengine, mahali pengine. Ndugu mwandishi, ukisoma rasimu yako, zipigie mstari hu zote uone ngapi umezilipia.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja mwaka 2009, na kwangu ndio wenye funzo kubwa. Watafiti wa Rakai waliuliza: je, mwanamume mwenye virusi akitahiriwa, mke wake anapata nafuu? Waliambukizwa wanawake 17 kati ya 92 ambao wenzi wao walitahiriwa mapema, na 8 kati ya 67 ambao wenzi wao walisubiri. Kwa asilimia ni 18 kwa 12. Jaribio likasimamishwa kwa kuwa halikuwa na dalili ya kufikia lengo lake. Mwandishi wa kwanza ataandika: «Tohara yaongeza maambukizi kwa wanawake.» Amezidisha, kwa sababu kwa idadi ndogo hivyo tofauti kama hiyo huweza kutokea kwa nasibu tu, watu wachache tu wangehama upande na picha ingegeuka. Wa pili ataandika: «Utafiti umeonyesha kuwa tohara haiwakingi wanawake.» Afadhali huyu, lakini naye amepita mpaka, maana wanawake 159 ni wachache mno kufunga mlango kabisa. Wa tatu ataandika: «Utafiti haukuonyesha kuwa tohara inawakinga wanawake.» Huyo ndiye sahihi. Kikanushi kimehama kutoka kitenzi cha pili kwenda cha kwanza, na sentensi imeacha kuzungumzia mwili wa mwanamke, sasa inazungumzia mipaka ya utafiti.

Mhariri atalalamika kwamba kichwa cha namna hiyo hakiuzi gazeti. Inawezekana. Basi kichwa kiseme jambo dogo lililo kweli: «Nafuu ya tohara kwa wanawake haijaonekana.» Maneno sita, yanaenea safu moja.

Nawe msomaji, ukikuta «yabaini» au «yathibitisha», shuka chini ya habari utafute mambo mawili: watu waligawanywa kwa bahati nasibu au walitazamwa tu walivyo, na matokeo yamerudiwa wapi kwingine. Habari isipotaja hata kimoja, kisome kitenzi chake kama «yadokeza» mpaka mwandishi akuonyeshe vinginevyo.