Ndoa ya mila, Kadhi na mahakama: mlango upi ni wako?

Mwaka 1986, mwanamume na mwanamke walianza kuishi pamoja jijini Nairobi. Baadaye walinunua ploti Dagoretti, ikaandikishwa kwa jina la mwanamke, na nyumba za kupangisha zikajengwa. Walipokosana miaka ishirini na kitu baadaye, mwanamume alienda kortini kudai sehemu yake kama mume.

Kesi hiyo, MNK dhidi ya POM, ilifika hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi Januari 27, 2023. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imesema kwamba kuishi pamoja kwa muda huo kulitosha kuwachukulia kuwa mume na mke, na ikawagawia mali nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ilikataa. Mwanamke huyo alikuwa ameolewa awali na mtu mwingine kwa mila ya Agikuyu, na hakukuwa na ithibati kwamba ndoa ile ilivunjwa. Mtu aliye ndani ya ndoa hiyo hawezi kuhesabiwa kuwa mke wa mwingine, hata wakikaa pamoja miaka mingapi. Mali iligawanywa asilimia 70 kwa mwanamke na 30 kwa mwanamume, si kwa sheria ya ndoa bali kwa kuangalia mchango wa kila mmoja.

Wengi wetu hudhani ndoa ya mila huisha pale mtu anapofunga virago na kurudi kwao. Sivyo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua aina tano za ndoa: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ya kimila ina uzito sawa na nyingine, na huvunjwa na mahakama. Wazee wanaweza kuwapatanisha wanandoa kwanza, na sheria inawataka waandike ripoti ya kikao chao kwa ajili ya mahakama. Lakini talaka yenyewe hutolewa na korti.

Kuisajili si kazi kubwa. Baada ya kukamilisha sherehe, kwa mfano ngurario kwa familia ya Kawangware au Riruta, mna miezi mitatu ya kumjulisha Msajili wa Ndoa, ambaye ofisi yake iko Jumba la Sheria katikati ya jiji. Mnataja ni mila ya jamii gani iliyofuatwa na kutangaza kwa maandishi kwamba masharti yake yametimizwa. Mashahidi wawili watu wazima, waliokuwa na nafasi muhimu katika sherehe, hutia sahihi. Kisha ndani ya miezi sita tangu kuoana mnaomba cheti, na nyote wawili mnafika wenyewe. Mahari haihitaji kuwa imekwisha: pale mila inapoitaka ili kuthibitisha ndoa, sehemu ndogo ya kuonyesha nia inatosha. (Ofisi za kaunti, kwa taarifa yenu, hazisajili ndoa. Kazi hiyo ni ya serikali ya kitaifa.)

Kwa Waislamu mlango ni mwingine. Kifungu cha 170 cha Katiba kinaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi kwa sharia ya Kiislamu, kwa masharti mawili: wahusika wote wawe Waislamu, na wote wakubali kuhukumiwa hapo. Sharti la pili ndilo husahaulika. Tuseme baba Mwislamu amefariki na kuacha nyumba Kilimani. Watoto wanne wako tayari kwa Kadhi, wa tano hataki. Kadhi hawezi kumlazimisha, kwa hivyo shauri linakwenda Mahakama Kuu. Hata huko, mali ya Mwislamu hurithiwa kwa sharia ya Kiislamu, maana Sheria ya Urithi inasema hivyo. Anayemkwepa Kadhi akidhani atapata mgao wa aina nyingine huenda akapoteza muda na ada za mawakili.

Asiyeridhika na hukumu ya Kadhi anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, ambako jaji huketi pamoja na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama washauri. Na Kadhi anapovunja ndoa, nakala ya uamuzi hupelekwa kwa Msajili. Uliza kama yako imepelekwa, kwa sababu siku utakapotaka kuoa au kuolewa tena, rekodi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ndoa ya kwanza ilikwisha.