Potasiamu Inapoandika Kwenye Mkanda wa Moyo

Kwa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine, siku za wiki hazilingani kwa hatari. Mwaka 2011 jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilichapisha utafiti uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 32,000 wa dayalisisi, wanaosafishwa mara tatu kwa wiki. Vifo na kulazwa kwa maradhi ya moyo viliongezeka siku inayofuata lile pengo refu la siku mbili bila mashine. Maji yanayojaa mwilini yana sehemu yake katika jambo hilo. Sehemu nyingine ni ya potasiamu.

Potasiamu ni chumvi ya kawaida ya mwili. Mtu mzima wa kilo 70 anayo kiasi cha milimoli 3,500, na asilimia 98 yake imo ndani ya seli, hasa za misuli. Ile iliyo nje ya seli, katika damu na majimaji yanayozizunguka, ni kidogo sana, na katika damu hutakiwa ibaki kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita. Figo nzima huondoa takriban asilimia 90 ya potasiamu tunayokula, na inayobaki hutoka na choo. Figo zikifa, chakula cha siku moja tu huleta kiasi kinachokaribia chote kilichoko nje ya seli, na hakina pa kwenda isipokuwa mwilini humo humo, mpaka mashine iwashwe.

Tuchukue mgonjwa wa kuelezea, wa aina ambayo wauguzi wa vitengo vya dayalisisi vya pwani wanaifahamu vyema. Ni baba wa miaka hamsini na kitu, husafishwa Jumatatu na Alhamisi. Alhamisi iliyopita fedha hazikupatikana, akakosa. Jua lilikuwa kali, na kwa kuwa ameambiwa apunguze maji, akaona madafu hayana ubaya. Glasi moja ya maji ya dafu ina karibu miligramu 600 za potasiamu, na dafu kubwa hujaza glasi mbili. Mgonjwa wa dayalisisi kwa kawaida huambiwa asizidi miligramu 2,000 au zaidi kidogo kwa siku, akijumlisha ndizi, maharage, mchicha, nyanya na kila kitu kingine. Jumatatu asubuhi anafika akiburuta miguu. Anasema imelegea, kupanda ngazi imekuwa kazi. Hana maumivu ya kifua.

Muuguzi anamfungia nyaya na kuchukua kipimo cha umeme wa moyo, ECG. Karatasi hutoka kwa kasi ya milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila kijisanduku kidogo ni sekunde 0.04. Katika pigo moja la kawaida huonekana kwanza kinundu kidogo kiitwacho P, vyumba vya juu vya moyo vinapopata umeme. Kisha mstari mkali na mwembamba wa QRS, vyumba vya chini vinapopata wao. Halafu kilima cha taratibu cha T, misuli hiyo inapojichaji upya kwa pigo lijalo.

Kwenye karatasi ya mgonjwa wetu, kilima cha T si cha taratibu tena. Kimekuwa kirefu, chembamba chini, chenye ncha na pande mbili zinazolingana, mfano wa hema lililovutwa juu kwa mlingoti mmoja. Kinaonekana vizuri zaidi katika nyaya za mbele ya kifua, kuanzia ya pili hadi ya nne. Hii ndiyo alama ya kwanza inayofundishwa, na mara nyingi hujitokeza potasiamu inapopita 5.5 au 6. Potasiamu ikiwa nyingi nje ya seli, njia zinazoitoa ndani hufunguka zaidi, misuli hujichaji upya haraka na karibu kwa wakati mmoja. Kilichokuwa kikitokea polepole kimebanwa katika muda mfupi, ndiyo maana T huchongoka.

Umbo ni muhimu kuliko urefu. Vijana wenye afya wanaweza kuwa na T ndefu, na mshtuko wa moyo ulioanza punde huleta T kubwa pia, ila zile huwa pana chini na nene. Ya potasiamu ni nyembamba. Karatasi ya zamani ya mgonjwa yule yule ikipatikana ndani ya faili, mashaka mengi huisha.

Sasa mtu mwenye pupa angeishia kwenye T tu. Muuguzi makini anatazama nyuma yake, na anaona P imefifia, imekuwa tuta dogo lisiloinuka, na umbali kutoka P hadi QRS umefika sekunde 0.24, wakati haupaswi kuzidi 0.20. Hapa jambo la pili limeanza, nalo ni baya kuliko la kwanza.

Seli ya moyo iliyopumzika ina chaji hasi ndani yake, takriban milivolti 90 chini ya nje. Tofauti hiyo hutokana na potasiamu kuwa nyingi ndani na chache nje. Ikizidi nje, tofauti hupungua, na seli hupumzika kwenye 80 au 70 badala ya 90. Mwanzoni hilo huifanya iwe rahisi kusisimka. Lakini njia za sodiamu, ambazo huanzisha kila pigo kwa kufunguka ghafla, zinahitaji seli irudi kwenye chaji yake kamili ili ziwe tayari tena. Isiporudi, nyingi hubaki zimefungwa, na umeme unaokwenda kwa zile chache zilizobaki hutambaa. Misuli ya vyumba vya juu huathirika mapema kuliko ya chini. Ndiyo maana P hutoweka kwanza, ingawa kitovu cha mapigo kinaweza kuwa bado kinafanya kazi na amri yake inafika chini bila kuacha alama kwenye karatasi.

Damu imepelekwa maabara. Majibu yatachukua saa nzima, pengine zaidi, na hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea: watu wanasubiri namba. Baada ya dakika ishirini karatasi ya pili inachukuliwa. P haipo kabisa. QRS, ambayo haipaswi kuzidi vijisanduku vitatu, imefika vinne, sekunde 0.16. Mapigo yameshuka hadi 48 kwa dakika. Dakika chache mbele, QRS imetanuka mpaka imeungana na T. Kati yao hakuna tena mstari wa kupumzika. Kilichobaki ni wimbi moja pana linalopanda na kushuka, kupanda na kushuka, ambalo mwanahisabati angelitambua kuwa ni mchoro wa saini. Moyo bado unasukuma damu, kwa shida. Baada ya hapo huja mtetemo usio na mpango au mstari bapa.

Wimbi hilo pana huwadanganya hata wenye uzoefu. Linafanana na mapigo ya kasi yanayoanzia vyumba vya chini, na mkono huenda kwenye dawa za kutuliza mapigo kama lidokaini au amiodaroni. Dawa hizo huzuia njia zile zile za sodiamu ambazo potasiamu imekwisha kuzifunga, na zinaweza kuusimamisha moyo. Dalili za kupambanua zipo: QRS pana kupita kiasi, P hakuna, mapigo si ya kasi sana, mara nyingi chini ya 120, na mgonjwa ana sababu, yaani figo mbovu au dawa zinazopandisha potasiamu. Penye vitu hivyo pamoja, kalsiamu huja kwanza, kabla ya maabara kusema neno.

Kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 30, inaingizwa kwenye mshipa polepole kwa dakika 5 hadi 10, macho yakiwa kwenye skrini. Katika dakika tatu QRS inaanza kukonda. Lisipotokea badiliko, dozi hurudiwa. Kwa mgonjwa wetu mstari wa kupumzika unarudi, kisha kivuli cha P. Ni badiliko la haraka kiasi kwamba familia inaweza kudhani tatizo limekwisha, na hilo si kweli hata kidogo: kalsiamu haijatoa hata chembe ya potasiamu. Imeisaidia misuli ya moyo kustahimili, kwa nusu saa hadi saa moja.

Muda huo hutumika kuisukuma potasiamu irudi ndani ya seli. Insulini yuniti 10, pamoja na gramu 25 za glukosi ili sukari isianguke, huanza kufanya kazi baada ya dakika 15 hivi na hushusha potasiamu kwa karibu milimoli moja kwa lita. Sukari ipimwe kila mara kwa saa sita, kwa sababu figo mbovu huchelewa kuondoa insulini, na mgonjwa aliyeokolewa moyo anaweza kuzimia kwa kushuka sukari saa tatu baadaye. Salbutamoli ya kuvuta huongeza nguvu, ila kwa miligramu 10 hadi 20, ambazo ni nyingi kuliko anazopewa mwenye pumu. Majibu ya maabara yanafika: 8.4. Mashine ya dayalisisi imekwisha andaliwa, na ni hiyo tu itakayoitoa potasiamu nje ya mwili wake.

Hatua hizi, T kuchongoka, P kutoweka, QRS kutanuka, kisha wimbi pana, zilikwisha kuelezwa mwaka 1938 kwa mbwa waliodungwa potasiamu taratibu. Binadamu wa wodini hafuati daima mpangilio huo. Wapo wanaofika na potasiamu ya zaidi ya 7 na karatasi isiyo na kasoro, hasa wale ambao imewapanda kwa wiki nyingi. Na wapo wanaoruka kutoka T yenye ncha hadi moyo kusimama. Karatasi mbaya ni amri ya kutibu. Karatasi nzuri si ruhusa ya kumrudisha mtu nyumbani.

Namba nayo inaweza kupotosha. Mpira ukifungwa mkono kwa nguvu kwa muda mrefu, au chembe za damu zikipasuka ndani ya sindano, potasiamu yao humwagika na kipimo husoma juu wakati mgonjwa ni mzima. Hapo damu hutolewa upya, huku ECG ikichukuliwa papo hapo.

Na si wagonjwa wa dayalisisi peke yao. Mwaka 1999 utafiti mkubwa ulionyesha kwamba spironolaktoni hupunguza vifo kwa wenye moyo uliodhoofika sana. Madaktari wa jimbo la Ontario, Kanada, wakaanza kuiandika kwa wingi, pamoja na dawa za presha za jamii ya enalaprili, na uchambuzi wa mwaka 2004 ukakuta kulazwa kwa potasiamu iliyozidi kumepanda kwa kasi baada ya 1999. Dawa ni nzuri. Kilichopungua ni kupima damu. Mzee wa presha mwenye figo zilizochoka, anayekunywa losartani, akaongezewa diklofenaki ya magoti na septrini ya mkojo, amebeba dawa tatu zinazovuta upande mmoja. Anahitaji potasiamu yake ipimwe ndani ya wiki, na chumvi mbadala za mezani, ambazo nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, zisiingie jikoni kwake.

Mgonjwa wetu anashushwa kutoka kwenye mashine baada ya saa nne, potasiamu 4.6. Hapaswi kuondoka mara moja. Ile iliyosukumwa ndani ya seli na insulini itaanza kurudi kwenye damu, na kipimo cha saa sita baadaye kinaweza kusoma 5.5. Damu inatolewa tena jioni, na kikao chake kijacho kinasogezwa kutoka Alhamisi hadi Jumatano.